Kwa nini hesabu za Mombasa hazilingani zikifika Unguja?

"Kampuni yetu iko Malindi, Unguja, na ina kampuni tanzu Mombasa inayouza vipuri vya mashine za boti. Mizania ya Mombasa kwa shilingi ya Kenya imelingana sawasawa. Mhasibu alipoigeuza kwa shilingi ya Tanzania ikazuka tofauti ya milioni 34, akaiweka kwenye mtaji. Fedha hizi zimetoka wapi? Na kwa nini mali zigeuzwe kwa kiwango kimoja na mauzo kwa kingine?"

Mhasibu wako hakukosea. Amefuata kanuni ya kimataifa ya uhasibu namba 21, ambayo wahasibu huiita IAS 21. Milioni 34 hizo ni ongezeko la thamani ya rasilimali zenu za Mombasa, lililotokea kwa sababu shilingi ya Kenya ilipanda mbele ya shilingi ya Tanzania. Hakuna mteja aliyeilipa na haimo kwenye droo ya duka lolote, ndiyo maana haikuruhusiwa kuingia kwenye faida.

Tuzitazame namba zenyewe, nikizifanya za mkato ili zifuatike. Kampuni ya Mombasa mliianzisha Januari mosi kwa mtaji wa shilingi milioni 10 za Kenya, siku ambayo shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na 16 za Tanzania. Mwaka mzima iliuza bidhaa za milioni 30, gharama zikawa milioni 26, faida milioni 4. Ilipofika Desemba 31 ilikuwa na mali za milioni 20, yaani bidhaa, vifaa na fedha benki, na ilidaiwa milioni 6. Mali halisi ni milioni 14, ambazo ni mtaji wa 10 na faida ya 4. Kwa shilingi ya Kenya hakuna tatizo lolote.

Sasa tuseme wastani wa mwaka ulikuwa 18, na siku ya kufunga hesabu kiwango kilikuwa 19.

Mali na madeni ni vitu vilivyopo siku moja, ile ya Desemba 31. Mtu akikuuliza duka la Mombasa lina thamani gani leo, huwezi kumjibu kwa bei ya shilingi ya mwezi wa tano. Kwa hiyo vyote hugeuzwa kwa kiwango cha kufunga mwaka. Mali milioni 20 mara 19 ni milioni 380 za Tanzania, deni milioni 6 mara 19 ni milioni 114, na mali halisi zinabaki milioni 266.

Mauzo hayana siku moja. Yametokea tangu Januari hadi Desemba, kila risiti kwa kiwango cha siku yake, na kanuni kwa hakika inataka kiwango cha siku ya muamala. Lakini nani atakaa kugeuza risiti moja moja za mwaka mzima? Kwa ajili hiyo inaruhusu wastani, ukiwa uko karibu na ukweli wa siku hizo. Faida ya milioni 4 mara 18 ni milioni 72.

Mtaji nao una siku yake, ile mliyoutoa. Mlitoa milioni 10 kwa 16, yaani milioni 160 za Tanzania, na mlichotoa hakibadiliki kwa sababu soko la fedha limepanda au limeshuka. Jumlisha 160 na 72, unapata 232. Upande wa pili wa mizania unasema 266. Hizo ndizo milioni 34 zako.

Tofauti hii haifai kuachwa ikae kama kijazio cha kuifanya mizania ilingane. Inaweza kuhakikiwa kwa njia nyingine kabisa, na mimi sikubali kusaini hesabu kabla ya kuiona njia hiyo imeandikwa. Chukua mali halisi za mwanzo wa mwaka, milioni 10. Zimekaa Mombasa mwaka mzima huku kiwango kikitoka 16 hadi 19, kwa hiyo kila shilingi imeongeza 3, jumla milioni 30. Kisha chukua faida ya milioni 4, iliyoandikwa kwa 18 lakini mwisho wa mwaka ina thamani ya 19. Hiyo inaongeza milioni 4. Ukizijumlisha unapata 34 kamili. Kama hesabu yako ya pili haikupa namba ile ile, ndani ya mizania kuna kosa halisi, kwa mfano gawio lililogeuzwa kwa kiwango kisicho chake, na kijazio kingelificha.

Fedha hizo hupitia kwenye mapato mengine jumuishi, chini ya faida ya mwaka, kisha hukaa ndani ya mtaji kwa jina la akiba ya tafsiri ya sarafu. Kampuni tanzu ingekuwa yenu kwa asilimia 80 tu, basi milioni 6.8 kati ya hizo 34 zingekuwa za wanahisa wenzenu wenye asilimia 20 iliyobaki, si zenu. Akiba hukaa hapo miaka yote mnapoendelea na biashara ya Mombasa. Siku mtakapoiuza kampuni hiyo, kilichomo kwenye akiba huhamishiwa kwenye faida au hasara ya mwaka huo, kwa kuwa hapo ndipo mtakapokuwa mmekipata, au mmekipoteza, kweli.

Wapo wanaouliza kwa nini vifaa vya duka visibaki kwenye kiwango cha siku vilivyonunuliwa. Wamarekani walilijaribu hilo. Kanuni yao ya mwaka 1975, FAS 8, iliacha mitambo na majengo kwenye kiwango cha zamani, ikageuza fedha na mikopo kwa kiwango kipya, na tofauti yote ikatupwa kwenye faida. Kampuni zikawa zinatangaza faida na hasara zinazoruka kila robo mwaka bila biashara yenyewe kubadilika. Mwaka 1981 kanuni hiyo iliondolewa, ikaja FAS 52, ambayo kwa jambo hili inafanana na tunayoifuata sisi.

Mahali panapohitaji uangalifu zaidi ni kwenye wastani, na mwaka 2024 ni somo zuri. Mwanzoni mwa mwaka huo dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Februari serikali ya Kenya ilikopa kwa hati fungani mpya ili kununua sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni. Hofu ya soko ikapungua, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 130. Mruko wa namna hiyo ndani ya wiki chache unaufanya wastani wa mwaka uwe namba ambayo huenda duka liliiona siku chache tu.

Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme miezi miwili ya mwanzo kiwango kilikuwa 16, na miezi kumi iliyobaki kilikuwa 18.4 kwa wastani. Wastani wa miezi kumi na miwili ni 18 kamili. Lakini tuseme pia kwamba duka liliuza sana mwanzoni: milioni 12 katika miezi ile miwili, na milioni 18 katika kumi. Kwa wastani wa mwaka mauzo ni milioni 540. Ukiyageuza kila kipindi kwa kiwango chake unapata milioni 192 na milioni 331.2, jumla milioni 523.2. Wastani umeyavimbisha mauzo kwa milioni 16.8, na yeyote atakayelinganisha mwaka huo na uliofuata atadanganyika.

Gharama nazo zikifuata mwendo wa mauzo, faida inashuka kutoka milioni 72 hadi milioni 69.76. Je, mmepoteza milioni 2.24? Hapana. Mali halisi bado ni milioni 266, kwa sababu zenyewe zimegeuzwa kwa kiwango cha kufunga. Akiba ya tafsiri imepanda kutoka 34 hadi milioni 36.24, ikabeba kile kile kilichotoka kwenye faida. Uchaguzi wa wastani hauongezi wala haupunguzi jumla ya mtaji wa kampuni zenu mbili kwa pamoja. Unaamua tu mpaka kati ya faida na akiba. Lakini mpaka huo ni mzito, kwa kuwa meneja hulipwa bakshishi ya mwisho wa mwaka kwa faida, na benki nayo hutazama faida. Ndiyo maana napendelea kugeuza mwezi kwa mwezi, kwa wastani wa kila mwezi. Viwango vya kila siku hutangazwa na Benki Kuu ya Tanzania, na kazi yenyewe ni safu kumi na mbili kwenye karatasi.

Kuna swali moja la kuulizwa kabla ya yote haya: duka la Mombasa linaishi kwa sarafu gani? Kama linanunua, linauza, linalipa mishahara na linakopa kwa shilingi ya Kenya, njia niliyoieleza ndiyo yake. Kama ni mkono tu wa Malindi, linapelekewa bidhaa na kurejesha kila senti Unguja, sarafu yake ya uendeshaji huenda ikawa shilingi ya Tanzania. Hapo hesabu hufuata njia nyingine, vifaa hubaki kwenye kiwango cha siku ya kununuliwa, na tofauti huingia kwenye faida moja kwa moja.

Wazee waliofanya biashara ya Unguja na Mombasa hawakuwa na mzigo huu. Tangu mwaka 1936, rupia ya Zanzibar ilipoondolewa, pande zote mbili zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, hadi mwaka 1966 kila nchi ilipotoa shilingi yake.

Mwaka wa pili ndio wenye mtego. Faida ya mwaka wa kwanza, milioni 4, sasa imo kwenye limbikizo la faida, na wengi huigeuza upya kwa kiwango kipya. Haigeuzwi. Inabaki milioni 72, kama mtaji unavyobaki 160. Tuseme mwaka wa pili duka halikupata faida wala hasara, na kiwango kikashuka hadi 17. Mali halisi milioni 14 zina thamani ya milioni 238. Ukitoa 232, akiba inabaki milioni 6. Hakiki: milioni 14 zimepoteza 2 kila moja, yaani milioni 28, na 34 ukitoa 28 ni 6. Ukiona akiba ya kufungulia mwaka wa pili si 34, tafuta kwanza nani amegusa limbikizo la faida.