Frigo kumi kwenye boksi moja

Ilikuwa mara ya nne tangu mwaka uanze kuulizwa swali lilelile. Mama mmoja wa Keshero, hapa Goma, anayeuza samaki na sambaza wa kugandisha, alinipigia simu akiwa na furaha tele. Alikuwa amenunua boksi la umeme, lile la kubeba kwa mkono, lenye soketi mbele na paneli ya kukunja.

"Papa Fundi, frigo yangu inakula wati 90 tu, na hii boksi ni ya 1000. Si naweza kuweka frigo kumi?"

Kumi kweli. Kwa muda usiotosha hata kupika maharage.

Nimechoka na hesabu hii, kwa hiyo naiandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia ukurasa huu. Namba kubwa iliyochorwa kwenye boksi, `1000 W`, inasema mlango una upana gani: umeme kiasi gani unaweza kutoka kwa mpigo mmoja. Haisemi ndani mna nini. Kilichomo ndani kimeandikwa kwa herufi ndogo nyuma, karibu na alama ya kukataza maji: `1024 Wh`. Hizo ni wati-saa. Wati ni mwendo wa maji bombani, wati-saa ni maji yaliyomo kwenye bidoni. Muuzaji anakuonyesha bomba, wewe unaenda nyumbani ukidhani umenunua kisima.

Tuchukue frigo yake. Niliichomeka kwenye mita yangu ndogo ya soketi kwa siku nzima, kwa sababu kibandiko cha frigo siku hizi nakiamini kama ninavyoamini ahadi za dereva wa mototaxi. Kweli, mota inapofanya kazi inavuta wati 90. Lakini haifanyi kazi muda wote, inawaka na kupumzika. Kwa saa 24 ilikula wati-saa 900, sawa na wastani wa wati 37 na nusu. Mpaka hapo boksi linaonekana kutosha siku nzima na chenji inabaki.

Sasa naja kwenye jambo linaloniudhi, ambalo hakuna muuzaji wa Birere aliyewahi kulitaja mbele yangu. Ndani ya boksi mna inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa soketi, na inveta nayo inakula. Ukiwasha tu kitufe cha soketi, hata usipochomeka kitu, inaanza kujilisha. Kwenye boksi lake nilipima wati 15. Unaona ni kidogo? Zidisha kwa saa 24, upate wati-saa 360. Zaidi ya theluthi ya boksi inaliwa na mpishi kabla chakula hakijafika mezani. Frigo 900, inveta 360, jumla 1260 kwa siku, na boksi lina 1024 likiwa jipya na limejaa. Litakata baada ya saa kumi na tisa hivi, na hapo hujawasha taa hata moja.

Ndiyo maana namwambia mtu mwenye boksi: simu na taa zichomeke kwenye tundu za USB au zile za volti 12, na soketi kubwa izimwe. Tundu hizo hazipitii inveta. Boksi lilelile linalokufa kwa siku moja na frigo linaweza kuwasha taa tatu ndogo jioni na kulisha simu za familia kwa wiki nzima.

Usiku wa kwanza lakini boksi halikumalizika. Lilijizima lenyewe, na hapo ndipo mama alipokasirika akasema ameuziwa kitu kibovu. Nilifika asubuhi, skrini inaonyesha asilimia 61. Samaki wa juu tayari walikuwa laini, maji mekundu yakitiririka sakafuni hadi kwenye kapeti. Boksi halikuwa na ubovu wowote. Kwenye kona ya skrini palikuwa na neno dogo `ECO`. Hali hiyo inalifanya boksi lizime soketi likiona hakuna anayevuta umeme kwa muda fulani, ili inveta isijilishe bure. Wazo zuri. Ila frigo iliyojaa samaki walioganda, katika usiku wa baridi wa Goma, ikishafikia ubaridi wake inapumzika muda mrefu. Boksi likaona kimya, likasema watu wamelala, likazima. Mota ilipotaka kuwaka tena, hakukuwa na mtu wa kumfungulia mlango. Ukiona boksi limezimika huku asilimia bado zipo, tafuta neno hilo kabla ya kumtukana muuzaji. Tuliiondoa hali hiyo, na kwa kuiondoa tukazikubali zile wati 15 za usiku kucha.

Basi tujaze kwa jua, akasema. Ile paneli ya kukunja imeandikwa wati 100. Wati 100 hizo zilipimwa kiwandani, chini ya taa kali, paneli ikiwa na nyuzi 25. Hapa unaitandika juu ya mawe meusi ya lava, inachemka, jua linahama, mtoto anapita na kivuli chake. Mimi nahesabu saa nne na nusu za jua kamili kwa siku ya kawaida, kisha natoa asilimia 30 kwa ajili ya joto, vumbi, nyaya na mawingu. Paneli ya 100 inakupa kama wati-saa 315. Unahitaji 1260. Ili frigo hiyo peke yake iishi kwa jua unahitaji paneli za wati 400, na hizo hazikunjwi kama gazeti.

Mpwa wake, kijana mwerevu kuliko inavyomfaa, akapata jibu. Jirani alikuwa na paneli mbili za wati 550 zinazosubiri kupandishwa juu ya bati. Akaziunga kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, akachomeka kwenye boksi. Kila moja, ikiwa wazi juani bila mzigo, inatoa karibu volti 50. Mbili kwa mfululizo ni 100. Kando ya tundu la boksi pameandikwa `12–60 V`.

Watu wengi wanaogopa kitu kisichotisha na kukidharau kinachoua. Wananiuliza: paneli ya wati 550 haitalichoma boksi linalopokea 200 tu? Haitalichoma. Wati za ziada na ampea za ziada hazilazimishwi kuingia. Boksi linachukua linachoweza, zinazobaki zinakaa kwenye paneli. Volti ndizo zinazoingia bila kubisha hodi. Paneli moja kati ya zile, peke yake, ingefanya kazi vizuri kabisa kwenye boksi hilo, ingawa si kwenye yale madogo yanayoishia volti 28 au 30. Mbili sambamba, chanya kwa chanya, pia zingefaa. Na ukiwa umekaribia mpaka, kumbuka kwamba paneli yenye baridi inapandisha volti, kwa hiyo hatari yenyewe iko asubuhi, si saa sita mchana. Mimi sipiti asilimia 85 ya kikomo kilichoandikwa.

Boksi la mama halikulipuka. Kulitoka harufu kama ya plastiki kwenye kaa la moto, basi. Tangu siku hiyo likichomekwa kwenye umeme wa ukutani linajaa, likichomekwa kwenye jua skrini inasema `0 W`. Ukiona hivyo ujue ile sehemu inayopokea jua imekufa na betri ni nzima. Kuibadilisha? Yote yamo kwenye ubao mmoja, na ubao huo hauuzwi hapa.

Hii ndiyo hoja yangu kubwa kwa mfumo wa kudumu, kuliko hata ukubwa: unaharibika vipande vipande. Kontrola, ile inayopokea umeme wa jua, ikiungua, unabadilisha kontrola, betri inabaki ukutani. Tulimjengea paneli mbili za 550, inveta ya kilowati 3 na betri ya lithiamu ya volti 51.2, ampea-saa 100, ambayo ni wati-saa 5120. Frigo 900, taa 125, simu 60, televisheni 200. Jumla 1285.

Na hapa nikiri kitu ambacho mafundi wenzangu wanakificha. Inveta kubwa inajilisha zaidi kuliko ya boksi. Hii niliyofunga inakula wati 30, yaani 720 kwa siku, karibu sawa na frigo. Nimeshaona nyingine zinakula 50. Nimemcheka mwenye boksi kwa wati zake 15, kisha nikamfungia mlafi mkubwa zaidi ukutani. Tofauti ni kwamba paneli zinaibeba: siku ya kawaida zinatoa karibu 3460, matumizi yote ni 2005. Siku ya mvua yenye saa tatu za jua zinatoa 2310, bado inapita. Kwa betri pekee, nikitumia asilimia 80 yake, ni siku mbili. Novemba ikileta siku tatu za giza, frigo itazimwa, na nilimwambia hivyo kabla hajalipa.

Jambo lingine lisilonipa usingizi ni waya wa ardhini. Kivu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na sisi tumejenga juu ya mwamba. Vitabu vinasema piga fimbo ya shaba mita moja na nusu au zaidi chini. Ipige kwenye lava uone itakavyorudi imepinda kama ndizi. Nachimba shimo pana, nalaza shaba, nafukia kwa udongo ulioletwa na lori pamoja na mkaa. Nikipima, namba haipendezi. Naweka vizuia radi pande zote mbili za inveta, na ngurumo ikianza nawaambia washushe swichi ya paneli.

Kwa miaka mingi nilikuwa nawaambia watu boksi ni mchezo wa watoto. Kisha ikaja Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 jioni, na tarehe 27 asubuhi tukaambiwa mitaa kumi ihame. Barabara ya Sake ilijaa watu wenye magodoro kichwani. Mimi niliacha nyumbani mfumo niliojenga kwa mikono yangu, betri nne za asidi, kila moja zaidi ya kilo 60, nikaondoka na simu yenye asilimia 12. Pale tulipolala, mtu aliyekuwa na umeme alikuwa kijana mwenye boksi dogo na paneli ya kukunja. Nilipanga foleni kwake kama wengine. Hakuniuliza kazi yangu, nami sikumwambia.

Kwa hiyo boksi la mama hatukulitupa. Betri yake ni nzima na uzito wake ni kilo kumi na mbili. Linakaa karibu na mlango, mbali na jiko, juu ya kigoda. Kila Jumatatu saa tano asubuhi, betri ya ukutani ikiwa imeshajaa na paneli hazina kazi, mpwa analichomeka kwenye soketi mpaka lifike asilimia 90. Paneli ya kukunja amekatazwa kuigusa, na kwa boksi hilo haina kazi tena. Nimeitafutia kontrola ndogo yenye tundu la USB, ikalazwa chini ya kigoda pamoja na waya wake.