Utafutaji mseto: namna chatiboti inavyokipata kipande chenye jibu

Chatiboti ya hati haisomi hati zote kila inapoulizwa. Hati hukatwa vipande mapema. Swali likifika, mfumo huvuta vipande vichache na kuipa modeli ivisome ndipo ijibu. Kipande chenye jibu kisipovutwa, modeli itajibu kwa kile ilichopewa. Utafutaji mseto ni kuvitafuta vipande hivyo kwa njia mbili, kwa maneno yenyewe na kwa maana yake, kisha kuunganisha matokeo.

Nilikuja kuuelewa vizuri nilipotengeneza chatiboti ya koperative ya kahawa hapa Bukavu. Tulikuwa na miongozo ya Kiingereza iliyotoka Kenya, na vipeperushi vya Kiswahili kuhusu kuosha na kumenya kahawa. Papa mmoja mkulima wa Kabare akaandika: "Ruiru 11 inashikwaka na kutu?" Ruiru 11 ni aina ya kahawa iliyotolewa Kenya mwaka 1985, na inastahimili kutu ya majani, ule ugonjwa wa kuvu. Jibu lilikuwemo kwenye mwongozo wa Kiingereza. Chatiboti ikamshauri akaushe mashine ya kumenyea na kuipaka mafuta.

Wakati ule tulitafuta kwa maana tu, yaani kwa vekta, orodha ya namba inayowakilisha maana ya maandishi: yenye maana za karibu hupata namba za karibu. Swali ni la Kiswahili, lina neno kutu, na kipeperushi cha mashine ni cha Kiswahili na kinazungumzia kutu ya chuma. Kikawa karibu zaidi. Jina "Ruiru 11" halikuwa na uzito mkubwa: kwa vekta, Ruiru 11 na SL28 ni kahawa za Kenya zinazokaa jirani.

Utafutaji wa maneno, ambao mara nyingi hutumia hesabu ya `BM25`, una nguvu hapo hapo. Neno adimu hulipa uzito mkubwa, na Ruiru huandikwa vilevile katika lugha zote mbili. Lakini haujui kwamba kutu yetu ina jina jingine kwa Kiingereza. Tena kwake "inashikwaka", "hushikwa" na "zikishikwa" ni maneno matatu yasiyohusiana. Programu ya utafutaji Elasticsearch huja na kichambuzi cha Kiingereza kinachorudisha maneno kwenye shina, cha Kiswahili haina. Mimi niliyakata maneno pia kwa herufi tatu tatu, *shi, hik, ikw, kwa*, ili matendo yenye shina moja yakutane hata viambishi vikibadilika. Neno zima nililibakiza kando, maana majina hayapaswi kuvunjwa.

Orodha mbili huunganishwa kwa nafasi, kwa sababu alama zake hazilingani. Kila kipande hupata jumla ya:

```
1 / (60 + nafasi)
```

Kipande cha kutu ya Ruiru 11 kilikuwa cha 2 kwa maneno na cha 7 kwa maana: 1/62 + 1/67, karibu 0.0311. Cha mashine kilikuwa cha 15 kwa maneno na cha 1 kwa maana, kikapata 0.0297. Kingine, cha umbali wa kupandia miche ya Ruiru 11, kilikuwa cha 1 na cha 5: 0.0318. Cha mashine kimeshuka, lakini cha miche bado kiko juu.

Ndipo unakuja upangaji upya. Modeli nyingine husoma swali na kipande kwa pamoja, kimoja kimoja, na kuona kama kweli kinajibu. Ni kazi nzito, kwa hiyo hupewa vipande 30 vya juu tu. Iwe ya lugha nyingi, kama `bge-reranker-v2-m3`. Ile iliyofunzwa kwa Kiingereza pekee haiaminiki swali likiwa la Kiswahili. Yetu ilikipandisha cha kutu juu ya cha miche.

Hata hivyo kosa lililonichelewesha zaidi lilikuwa la ukataji. Nilikata kila maneno 500. Kichwa "Ruiru 11" kilibaki kipande kimoja, aya ya magonjwa inayosema "aina hii" ikaenda kingine, bila jina. Isitoshe `multilingual-e5-base`, modeli iliyotutengenezea vekta, husoma tokeni 512 tu. Tokeni ni kijisehemu cha maandishi ambacho modeli husoma, na neno la Kiswahili mara nyingi huvunjika kuwa tokeni kadhaa. Mkia wa kipande ulikuwa unaachwa kimya, bila ujumbe wowote wa kosa. Sasa nahesabu kwa tokeni za modeli yenyewe: kama 300, nakata mwisho wa aya, na kichwa cha sehemu nakirudia juu ya kila kipande.

Kujua tatizo liko wapi, andika maswali 40 ya wakulima jinsi walivyoyauliza, na kwa kila moja weka alama kwenye kipande chenye jibu. Kisha angalia vipande 30 kabla ya kupangwa upya. Kama kipande chako hakimo, rudi kwenye ukataji au utafutaji, kwa sababu mpangaji hawezi kuleta asichopewa. Kama kimo lakini hakifiki kwenye vitatu vya juu, mpangaji ndiye wa kubadilisha.