Namba 873 ilitoka wapi? Namna ninavyokagua droo za mtandaoni

Mtoto wa shangazi yangu alinunua tiketi mbili za droo ya pikipiki kwenye ukurasa mmoja wa Instagram. Tiketi moja ilikuwa shilingi 3,000, zilitangazwa tiketi 1,000, na droo ilipangwa saa mbili usiku. Ukurasa ule ulikuwa unagawa namba kwa mfuatano: ukilipa, unatumiwa inboksi namba inayofuata. Saa tisa alasiri alilipia tiketi ya kwanza, akapewa namba 788. Ya pili aliilipia saa moja na dakika arobaini usiku, akapewa 804. Dakika ishirini baadaye gurudumu la kompyuta lenye namba za tiketi likazungushwa kwenye video, likasimama kwenye namba 873.

Usiku ule ule akanitumia ile video, maana kazi yangu ni ukaguzi wa mifumo ya kompyuta. "Kaka, niangalizie kama gurudumu limechezewa," aliniandikia. Mimi nilianza na namba zake mbili. Kwa karibu saa tano ukurasa ulikuwa umeuza tiketi 16 tu. Ili namba 873 iwe ya mteja aliyelipa, ilibidi tiketi nyingine 69 ziuzwe ndani ya zile dakika ishirini. Yawezekana, kwa sababu watu hupenda kulipia dakika za mwisho, kwa hiyo sikumwambia kwamba ameibiwa. Nilimwambia aulize tiketi ngapi zimeuzwa na orodha iko wapi. Akauliza kwenye komenti, kwa adabu kabisa. Komenti ikafutwa, naye akablokiwa.

Karibu kila anayeniletea droo ananiletea gurudumu, na nafahamu kwa nini: ndilo linaloonekana. Lakini wizi mwingi hauhitaji kuligusa gurudumu. Tuchukulie kwamba siku ile ziliuzwa tiketi 804, kisha gurudumu likawekewa namba zote 1,000. Namba 196 zilizobaki hazina mwenyewe. Zikitoka, pikipiki inabaki kwa mwenye droo, au anatajwa "mshindi" ambaye hajawahi kulipa. Hiyo ni karibu nafasi moja katika tano ya kutotoa zawadi kabisa, na gurudumu lenyewe halikuchezewa hata kidogo. Ndiyo maana swali langu la kwanza siku zote ni orodha: ilifungwa lini, ina mistari mingapi, na je, kila aliyelipa anaiona namba yake humo? Orodha ikiwekwa hadharani kabla ya droo, ikiwa na namba ya tiketi na tarakimu tatu za mwisho za simu ya mnunuzi, kila mtu anajikagua mwenyewe bila namba za watu kuanikwa.

Swali la pili ni hili: droo imefanyika mara ngapi? Chukua gurudumu safi kabisa lenye namba 1,000, na mwenye ukurasa mwenye marafiki watano ndani yake. Kila mzunguko una nafasi moja katika 200 ya kumwangukia rafiki mmojawapo. Mzunguko mmoja ukichukua sekunde 15, kwa wastani atampata ndani ya dakika 50, huku amekaa kwenye kochi na kamera inarekodi. Atakachokuonyesha ni video ile moja ya mwisho, na hata ukiikagua fremu kwa fremu hutakuta kosa, kwa sababu kosa liko kwenye zile video alizofuta. Picha ya skrini ya random.org, tovuti ya kutoa namba za kubahatisha, ina udhaifu huo huo. Namba zao ni za kubahatisha kweli, zinatokana na kelele za angahewa, lakini zana yao ya bure unaweza kuibonyeza mara mia kimyakimya. Wenyewe wana huduma nyingine ya droo inayoweka kumbukumbu ambayo washiriki wanaweza kuiangalia, na hiyo ndiyo ya kudai.

Laivu inasaidia, mradi iwe laivu kweli. Video iliyorekodiwa inaweza kurushwa kama laivu. Mimi huwa naandika komenti yenye neno lisilotarajiwa, labda "mbaazi" na namba yoyote, naomba isomwe kwa sauti kabla ya kuzungusha. Asiyeweza kuisoma hayupo hapo.

Kwa mwenye ukurasa anayetaka kuaminika, kuna njia ambayo hata laivu haihitaji, nami nimewahi kumwekea muuza nguo mmoja. Baada ya kufunga mauzo, orodha inahifadhiwa kama faili, kisha faili linapigiwa muhuri:

```
sha256sum orodha.csv
```

Unatoka mstari wenye herufi na tarakimu 64, kisha jina la faili. Ukibadilisha hata jina moja ndani ya faili, muhuri unabadilika wote. Muhuri huo na faili lenyewe vinatangazwa, pamoja na ahadi: mshindi ataamuliwa na bloku fulani ya Bitcoin, yaani kifurushi cha miamala ya sarafu hiyo ya mtandaoni, ambayo bado haijatokea, kwa mfano ile itakayofika baada ya saa mbili. Bloku mpya hutokea kila baada ya dakika kumi hivi, na heshi yake, yaani muhuri wake wa namna ile ile, huonekana duniani kote karibu kwa wakati mmoja. Muuza nguo hawezi kuichagua wala kuirudia. Ikishatoka, heshi inageuzwa kuwa namba, inagawanywa kwa idadi ya tiketi, na baki ikiongezwa moja ndiyo tiketi iliyoshinda. Kwa Python, tiketi zikiwa 804, ni hivi:

```
heshi = input("Heshi ya bloku: ")
print(int(heshi, 16) % 804 + 1)
```

Mshiriki yeyote mwenye kompyuta anaweza kurudia hesabu hiyo na kupata jibu lile lile. Ila muhuri hauzuii majina hewa yaliyoingizwa kabla ya orodha kufungwa, na hauthibitishi kwamba pikipiki ipo. Hapo ndipo sheria inapohitajika. Tanzania, droo ambayo watu wanalipia ili kushiriki inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Ndiyo maana kwenye promosheni za benki na kampuni za simu unamwona ofisa wa Bodi amesimama pembeni mshindi anapopatikana. Uulize ukurasa unaouza tiketi namba yao ya leseni, kisha uithibitishe kwa Bodi wenyewe, maana cheti kilichopachikwa kwenye picha ni kazi ya dakika tano.

Na ukipigiwa simu kwamba umeshinda ila utume kwanza hela ya usafiri au ya "kodi", kata simu. Mara nyingi hata si ukurasa uliocheza nao. Ni tapeli aliyeiga jina na picha, akachukua majina kwenye komenti.

Mtoto wa shangazi hakuacha kucheza, na sikumkataza. Nilimwandikia ujumbe wa kutuma kabla ya kulipa: "Habari. Naomba kujua, orodha ya tiketi zilizouzwa mtaiweka wapi, mtaifunga saa ngapi, na zisizouzwa mtazitoa kwenye droo?" Kurasa mbili hazikumjibu. Ya tatu, inayochezesha simu, ilimjibu ndani ya robo saa, na jioni ya droo ikaweka faili la mistari 356. Namba yake aliikuta mstari wa 211. Hakushinda, na mstari wa mshindi nao tuliuona pale pale, tarakimu tatu za simu zikiwa ni zile zile zilizosomwa kwenye laivu.