Figo Iliyojaa Maji Si Lazima Iwe Imeziba

Juma hili nimepokea tena wazazi walioambiwa kwamba figo ya mtoto wao "imejaa maji, imeziba, apasuliwe haraka". Kauli hiyo nimeichoka, kwa sababu inachanganya mambo mawili. Ultrasaundi hupima upana wa pelvisi ya figo, yaani mfuko unaokusanya mkojo ndani ya figo, wala haipimi mkojo unashuka kwa kasi gani. Pelvisi hutanuka kwa mfinyo pale inapokutana na ureta, mrija unaoshusha mkojo hadi kibofuni, au kwa mkojo unaorudi kutoka kibofuni, au ilitanuka mtoto angali tumboni na bado haijarudi hali yake. Kibofu kilichojaa nacho huongeza upana, hivyo mimi hurudia kipimo mtoto akishakojoa.

Mwaka juzi nilimwona mvulana wa wiki sita, anayenyonya vizuri, mwenye pelvisi ya kushoto ya milimita 14. Figo ya kulia ilikuwa ya kawaida, ureta hazikuonekana, maana yake hazikutanuka, na ukuta wa kibofu ulikuwa mwembamba. Alipofika miezi mitatu tulimfanyia renogramu, kipimo cha dawa ya mionzi kinachoonyesha kila figo inavyofanya kazi na kumwaga mkojo: figo ya kushoto ilifanya asilimia 48 ya kazi yote, ila hata baada ya furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo, ilichukua dakika 22 kumwaga nusu ya dawa ya mionzi. Vitabu vingi huhesabu zaidi ya dakika 20 kuwa kuziba. Lakini pelvisi pana humwaga polepole hata mlango wake ukiwa wazi, na figo changa huitikia furosemidi kwa udhaifu, kwa hiyo niliiamini zaidi ile asilimia 48. Tulisubiri, tukirudia ultrasaundi kila baada ya miezi mitatu. Alipotimiza mwaka, upana ulikuwa milimita 9.

Ningempasua kama mchango wa figo hiyo ungeshuka chini ya asilimia 40, au kama pelvisi ingezidi kutanuka, au kama angeanza kupata maambukizi. Nakiri kwamba uamuzi huo haunipi usingizi mzuri, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha kizuizi siku ile ile. Mara nyingi tunakitambua baada ya figo kuanza kupoteza kazi, na hasara hiyo ndiyo tunayotaka kuikinga.

Subira hiyo haimhusu kichanga wa kiume mwenye figo mbili na ureta zilizotanuka pamoja na kibofu chenye ukuta mnene. Huyo ashukiwe kuwa na vali za nyuma za urethra, yaani vikunjo vinavyoziba njia ya mkojo chini ya kibofu, hata kama anakojoa. Awekewe kibofuni siku hiyo hiyo mpira mwembamba wa kulishia, namba 5 au 6, usio na puto, kisha apigwe picha ya kibofu wakati wa kukojoa. Kreatinini ya siku za kwanza, yaani taka iliyo kwenye damu ambayo figo huitoa, isimtulize mtu, maana bado ni ya mama. Irudiwe, pamoja na sodiamu na potasiamu, kwa sababu kizuizi kikishafunguka mkojo unaweza kumwagika kwa wingi hadi mtoto akaukiwa.