Ripoti ya kila siku ya mita ya maji: matumizi yanapopanda ghafla, msimamizi wa jengo aanzie wapi

Msimamizi wa jengo la kupangisha anayepokea ripoti ya mita kila asubuhi hukutana, mapema au baadaye, na mstari uliowekewa alama ya matumizi yasiyo ya kawaida. Alama hiyo haisemi kwamba bomba limepasuka, wala haisemi kwamba mpangaji fulani anapoteza maji. Inachosema ni kwamba tofauti kati ya usomaji wa leo na wa jana imevuka kiwango kilichowekwa. Kazi ya kujua sababu hubaki kwa msimamizi, na kwa bahati nzuri sehemu kubwa yake hufanyika kabla ya fundi bomba kuitwa.

Tuchukue mfano wa jengo la nyumba 24 lenye mita kuu moja getini, tangi moja juu ya paa linalojazwa moja kwa moja na bomba kuu, na mita ndogo kwa kila nyumba. Mita husomwa saa 12 asubuhi. Jumatatu mita kuu ilisoma 4,318.4, Jumanne 4,327.7, Jumatano 4,339.1 na Alhamisi 4,350.6, ambapo uniti moja ni meta moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Kwa hiyo siku ya kwanza jengo lilitumia uniti 9.3, ambayo ndiyo kawaida yake kwa siku za katikati ya wiki, kisha likatumia 11.4 na 11.5. Ripoti imewekwa iweke alama pale matumizi yanapozidi kawaida kwa asilimia 20 na wakati huohuo kwa uniti moja au zaidi. Masharti hayo mawili yanahitajika pamoja, kwa sababu asilimia peke yake hupiga kelele kwa nyumba ndogo ambayo mgeni mmoja tu ameongezeka, na uniti peke yake hupiga kelele kwa jengo kubwa kila mwisho wa wiki.

Jambo la kwanza la kuuliza ni kama mita ilisomwa kwa wakati wake. Mlinzi akichelewa na kusoma saa 3 asubuhi, saa tatu anazoongeza ndizo saa ambazo watu wanaoga, wanafua na kupika, na katika jengo kama hili zinaweza kuongeza uniti mbili kwa urahisi. Kugawa matumizi kwa idadi ya saa hakutoshi kurekebisha kosa hilo, kwa kuwa saa za asubuhi hazilingani na saa za usiku. Hata hivyo usomaji uliochelewa una dalili yake: siku inayofuata, mita ikisomwa kwa saa yake, matumizi hushuka kwa kiasi kilekile kilichozidi. Vivyo hivyo baada ya maji kukatika, siku moja huonekana tupu na inayofuata huonekana kubwa mno kwa sababu tangi linajazwa upya, na ukizijumlisha hizo mbili unarudi karibu na kawaida. Katika mfano wetu Jumatano na Alhamisi zote zimezidi kwa kiasi kinachokaribiana, wala hakuna siku iliyoshuka kufidia. Hapo ndipo wasiwasi unapoanza kuwa wa haki.

Ziada ya uniti 2.2 kwa siku ni sawa na lita 92 hivi kwa saa. Kipimo hiki cha saa ndicho ninachowashauri wasimamizi wakitumie zaidi, kwa kuwa matumizi ya watu hupanda na kushuka kulingana na saa za siku, ilhali maji yanayovuja hutoka kwa kasi ileile mchana na usiku. Ikiwa ziada yote inatokana na uvujaji, basi usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, lita zisizopungua 90 hivi zitaonekana zikipita kila saa. Ikiwa haitokani na uvujaji, usiku utakuwa kimya na ziada itafutwe kwenye matumizi ya mchana.

Kuangalia mita kuu usiku, hata hivyo, kunaweza kupotosha katika jengo lenye tangi. Pale ambapo msukumo wa maji ni mdogo mchana, tangi hujaa usiku, na mita itazunguka kwa nguvu ingawa hakuna tone linalopotea. Njia iliyo safi zaidi ni kufunga koki ya bomba linaloingiza maji kwenye tangi saa 7 usiku, kupima kina cha maji kwa kijiti chenye alama, na kupima tena saa 10. Tuseme sakafu ya tangi ina urefu wa meta 2.5 na upana wa meta 2: kila sentimeta moja ya kina ni lita 50. Kina kikishuka sentimeta 6, lita 300 zimetoka kwa saa tatu, yaani lita 100 kwa saa, na nane zinazozidi 92 zinaelezeka na mtu mmoja au wawili walioamka kwenda chooni.

Kipimo hichohicho hutoa jibu la pili bila gharama. Koki ya kuingiza ikiwa imefungwa, maji hayana sababu ya kupita kwenye mita kuu. Kile kigurudumu kidogo kilichomo kwenye uso wa mita, ambacho huzunguka hata kwa mtiririko mdogo sana, kikiendelea kuzunguka, basi maji yanatoka kati ya geti na tangi, mara nyingi kwenye bomba lililofukiwa ardhini, ingawa ni vyema kwanza kuhakikisha kwamba koki yenyewe inafunga barabara. Kigurudumu kikisimama huku kina cha tangi kikishuka, tatizo liko baada ya tangi.

Sasa mita ndogo zinafaa. Kabla ya hitilafu, jumla yake ilikuwa uniti 9.0 dhidi ya 9.3 za mita kuu, na pengo hilo dogo linatokana na bomba la bustani pamoja na tofauti za kawaida za usahihi wa mita. Alhamisi jumla ilikuwa 11.2 dhidi ya 11.5. Pengo halikubadilika, kwa hiyo maji yanapita kwenye mojawapo ya mita ndogo. Kulipitia jedwali kunaonyesha nyumba moja iliyotoka uniti 0.35 hadi 2.5. Kama pengo ndilo lingepanuka, tungetafuta kwenye mabomba ya pamoja, na hakuna mpangaji ambaye angestahili kugongewa mlango.

Ndani ya nyumba, mahali pa kwanza pa kutazama ni choo cha kuflashi, kwa sababu kinaweza kupitisha maji mengi bila sauti wala sakafu kulowa. Tia rangi ya chakula kwenye tangi lake, usiflashi, na usubiri robo saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini haufungi. Maji yakiwa yanamwagika juu ya mdomo wa bomba la kufurikia lililomo ndani ya tangi, boya limepandishwa mno au valvu yake imechoka.

Baada ya matengenezo, usomaji wa siku mbili zinazofuata unapaswa kurudi karibu na 9.3. Siku zilizokuwa na uvujaji zitolewe kwenye hesabu ya kawaida ya jengo, kwani zikiachwa humo wastani utapanda, na uvujaji mwingine wa kiasi hichohicho utapita bila kuwekewa alama.