Kuriseti paneli ya Outlook siyo kufuta imeili, na siyo kuinstoli upya

Nimechoka kusikia mtu akiambiwa "Outlook yako imekufa, tuitoe tuweke ingine", na mwenzake anaambiwa "usiguse riseti, imeili zote zitaenda". Yote mawili siyo kweli, na watu wa maofisi huku Kampala wanapoteza siku nzima ya kazi na bando juu ya hayo maneno.

Kitu chenyewe ni hiki. Unabonyeza Outlook asubuhi, inaanza kama inafunguka, halafu kinatokea kisanduku kidogo kimeandikwa hivi:

```
Cannot start Microsoft Outlook. Cannot open the Outlook window.
```

Unabonyeza OK, inafunga, unajaribu tena, kisanduku ni kile kile. Navigation Pane ni ule upande wa kushoto wenye Favorites, Inbox, Sent Items na folda zako zingine, na kuriseti ni kuiambia Outlook itupe mpangilio wa upande huo na itengeneze mwingine mpya. Maana ni hiyo tu. Toleo la 2013 na yaliyofuata kwenye menyu wanaiita Folder Pane, kwa hiyo usihangaike kutafuta jina la zamani huko, amri ya kuriseti ndiyo imebaki na jina lile.

Sasa kinachonikera ni watu kuchanganya vitu vitatu ambavyo kwenye kompyuta haviko hata mahali pamoja. Kuna programu yenyewe, hiyo imekaa ndani ya Program Files. Kuna imeili zako, ambazo ziko kwenye seva na nakala yake iko kwenye faili ya OST, au kama akaunti ni ya POP ziko kwenye faili ya PST hapo hapo kwenye mashine. Halafu kuna mpangilio wa paneli, ambao ni faili ndogo sana ya XML imekaa kwenye folda ya mtumiaji, na jina lake linafuata jina la profaili. Profaili ikiitwa Outlook, faili itakuwa Outlook.xml. Ukitaka kuiona, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika hii halafu Enter:

```
%appdata%\Microsoft\Outlook
```

Outlook ikiwa inafunguka inasoma hiyo XML ili ijue ichore nini kushoto. Ikikuta imeharibika inashindwa kuchora dirisha, na ndiyo maana ujumbe unazungumzia dirisha, hauzungumzii akaunti wala paswedi wala intaneti. Mara nyingi nikiiangalia faili yenyewe nakuta ukubwa wake ni 0 KB, maana yake iko pale kwa jina tu, ndani hamna kitu. Nzima huwa na KB kadhaa.

Hapo ndipo utaona kwa nini kuinstoli upya hakusaidii. Ukiondoa Office unaondoa programu kwenye Program Files, lakini folda ya mtumiaji haiguswi, makusudi kabisa, ili mtu asipoteze mipangilio yake. Kwa hiyo unaweka Office mpya, inakwenda kusoma XML ile ile mbovu, inakupa kisanduku kile kile. Hata kurepea Office ni hivyo hivyo.

Kuna dada mmoja wa hesabu kwenye kampuni ya usafirishaji upande wa Nakawa, umeme ulikatika Outlook ikiwa wazi na kompyuta yake ya mezani haina UPS. Umeme kurudi, Outlook haifunguki. Fundi aliyeitwa akaondoa Office yote akaidaunilodi upya, mchana ukaisha, na ujumbe ukabaki. Nilipofika niliangalia ile folda kwanza na Outlook.xml ilikuwa 0 KB. Nikafungua Task Manager, nikakuta OUTLOOK.EXE bado inazunguka huko nyuma ingawa dirisha halionekani, nikaifunga kwa End task, maana ikibaki hai amri inaweza isifanye kitu. Halafu Windows na R tena, nikaandika:

```
outlook.exe /resetnavpane
```

Angalia hiyo nafasi kabla ya mkwaju, bila nafasi haifanyi kazi, na baada ya mkwaju maneno yameshikana. Na iandike kwenye kile kisanduku cha Run, siyo kwenye dirisha jeusi la cmd, kwa sababu Run inajua Outlook iko wapi lakini cmd mara nyingi itakwambia haiitambui hiyo amri, na mtu anafikiri amri ni ya uongo.

Ikafunguka. Yule dada akaangalia kushoto akashtuka, "Kaka, folda yangu ya URA iko wapi, si mlisema hazifutwi?" Folda ilikuwepo, chini huko kwenye orodha ya akaunti na imeili zake zote ndani. Kilichotoka ni njia ya mkato aliyokuwa ameiweka juu kwenye Favorites. Akaivuta tena juu, na zile za wateja wa Mombasa vile vile, kazi ikaendelea. Hiyo ndiyo bei ya riseti: Favorites, njia za mkato na namna ulivyojipangia kalenda kwenye makundi, hivyo inabidi uvipange upya. Kama una kalenda nyingi za wenzako umezipanga, waambie mapema utakuwa unazitafuta tena.

Amri ikigoma, funga Outlook kabisa, badilisha jina la ile XML iwe labda Outlook.old, uanzishe Outlook kawaida, itatengeneza ingine yenyewe. Kubadilisha jina ni bora kuliko kufuta, na hakikisha ni XML ndiyo umeshika, usiende kugusa PST.

Na siyo kila mara ni paneli. Kama XML ina ukubwa wake wa kawaida na riseti haijasaidia, jaribu `outlook.exe /safe`, ikifunguka hivyo basi mara nyingi tatizo ni ediini fulani, yaani programu ndogo iliyochomekwa ndani ya Outlook, zima moja moja. Angalia pia kama kuna mtu ameweka Outlook ifanye kazi kwa Compatibility mode, hiyo nayo huleta ujumbe huu huu, unaitoa tiki tu. Baada ya hapo ndiyo unafikiria PST mbovu au profaili mpya. Na Outlook ile mpya ya Windows haitumii amri hizi, hapa nazungumzia ile ya zamani inayokuja na Office.

Kwa hiyo wenzangu mnaosaidia watu kwa simu, naomba tusiseme "riseti Outlook" na kuishia hapo. Kuna /resetfolders, kuna /cleanprofile, zote ni za Outlook na kila moja inagusa kitu kingine, na mtu akisikia riseti peke yake ataenda kutafuta atakayoikuta kwanza. Mwambie "riseti paneli ya kushoto, imeili hazitoki, Favorites zitatoka", na kabla hujamwambia aondoe Office muulize ile XML ina KB ngapi.