Kusikiliza kunatosha?

"Namfuatisha msomaji wa Qur'ani, Sheikh al-Husary, kwenye simu kila siku. Kwa nini ustadhi bado anataka nimsomee?"

Kwa sababu kinasa sauti kinakusomea, lakini hakikusikii. Chukua neno la mwisho la Al-Fatiha, *waladh-dhaalliin*. Herufi dhadi ya hapo hutoka ubavuni mwa ulimi ukigusa magego ya juu. Sisi tuliozoea "dh" ya dhahabu tunachomoza ncha ya ulimi kati ya meno, na sikio letu linaridhika, maana limezoea sauti hiyo tangu utotoni. Ustadhi anayekutazama kinywani huiona ncha hiyo kabla hujamaliza neno.

Kisha kuna mada, yaani kuvuta. Alifu ya katikati imefuatwa na lamu yenye shada, yaani iliyokazwa, hivyo huvutwa harakati 6, bila hiari. Harakati moja ni muda wa kutamka irabu fupi. Ile "ii" ya mwisho huvutwa kwa sababu tu umesimama mwishoni mwa aya: harakati 2, 4 au 6, mradi ushike kipimo kimoja katika kisomo chako. Wanafunzi wengi hugeuza: hukatisha alifu, wakarefusha mwisho kwa ajili ya mahadhi.

Na kusimama kwenyewe kuna sharti. Nuni hutiwa sukuni, yaani hutamkwa bila irabu; ukiiacha na fataha yake, *dhaalliina*, umesimama kama anayeendelea.

Ustadhi akikurudisha hapo mara nyingi, anasubiri ulimi ubadilike. Hilo huthibitishwa na anayekusikia na kukutazama, si kwa wewe kusikiliza tu.